Kadi Nyekundu na Odi za Laivu: Mwongozo Kamili wa Kuhesabu Inachobadilisha, Dakika kwa Dakika

Kosa linalorudiwa kila wiki ni hili: kadi nyekundu inatoka, mtu anakumbuka kanuni ya kichwani kwamba "timu ya watu kumi inapoteza nusu ya nafasi zake", kisha anaitumia kanuni hiyohiyo dakika ya 20 na dakika ya 80. Anaona odi imeruka kutoka 5.00 hadi 7.50 na kudhani soko limepagawa. Saa nyingine anaona imepanda kutoka 2.10 hadi 3.30 tu, na kudhani soko limelala. Mara zote mbili amesoma vibaya.

Mwongozo huu unakupa njia ya kuhesabu mwenyewe. Tutatumia mechi moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho, tukibadilisha dakika ya kadi, matokeo ya ubaoni na aliyepewa kadi.

## Unachohitaji

- Odi za matokeo matatu (nyumbani, sare, ugenini) za kabla ya mechi, na odi za ova na anda 2.5 za mechi hiyohiyo.
- Jedwali la kompyuta au la simu, lolote lenye fomula ya Poisson, ile inayotoa nafasi ya timu kufunga bao 0, 1, 2 na kuendelea kutoka kwenye wastani wake.
- Saa ya mechi na matokeo ya ubaoni.
- Namba mbili za kukariri: 0.67 na 1.25. Maana yake iko kwenye hatua ya 5.

Andaa jedwali kabla ya mpira kuanza. Kadi ikishatoka hutapata muda wa kujenga kitu.

## Hatua ya 1: Toa faida ya kampuni kwenye odi

Odi unayoiona imeshakatwa faida ya kampuni. Ukiitumia ilivyo, nafasi zote tatu zikijumlishwa zitazidi asilimia 100, na kosa hilo litakufuata hadi mwisho.

Tuseme mechi yetu ina odi 1.85 nyumbani, 3.80 sare na 4.00 ugenini. Gawanya 1 kwa kila odi: unapata 0.541, 0.263 na 0.250. Jumla yake ni 1.054. Sasa gawanya kila moja kwa jumla hiyo. Nyumbani inakuwa asilimia 51.3, sare 25.0 na ugenini 23.7.

Fanya vivyo hivyo kwa mabao. Ova 2.5 ikiwa 1.98 na anda ikiwa 1.83, nafasi ya ova bila faida ya kampuni ni karibu asilimia 48.

Umefaulu kama namba tatu za matokeo zinajumlishwa kuwa 100 kamili.

## Hatua ya 2: Geuza odi kuwa mabao tarajiwa

Kadi nyekundu haigusi ushindi moja kwa moja. Inagusa kasi ya kufunga ya kila timu, na ushindi hufuata baadaye. Ndiyo maana lazima ushuke kutoka kwenye asilimia hadi kwenye mabao.

Ova ya asilimia 48 inalingana na jumla ya mabao tarajiwa 2.6 hivi. Kazi iliyobaki ni kuigawa 2.6 kwa timu mbili. Anza na 1.3 kwa 1.3, kisha hamisha 0.1 kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji hadi jedwali la hatua ya 4 litoe nafasi ya ushindi inayofanana na ya soko. Ukiweka 1.5 kwa 1.1 utapata nyumbani asilimia 46, ambayo ni ndogo. Ukiweka 1.6 kwa 1.0 utapata 51, na hapo ndipo pa kusimama.

Usihangaike na desimali ya tatu. Tofauti ya 1.60 na 1.62 inamezwa na mambo makubwa zaidi yanayokuja.

## Hatua ya 3: Pima sehemu ya mechi iliyobaki

Mabao hayagawanyiki sawasawa. Kipindi cha pili huwa na mabao mengi kuliko cha kwanza, kwa makadirio ya 55 kwa 45 katika kila mabao 100. Miguu imechoka, nafasi zimefunguka, na dakika za majeruhi huwa ndefu zaidi.

Kanuni ya kazi ni hii. Kila dakika ya kipindi cha kwanza inakula asilimia 1 ya mabao ya mechi. Kipindi cha pili kihesabu kuwa na dakika 50, pamoja na za majeruhi, na kila dakika inakula asilimia 1.1.

- Dakika ya 20: imebaki asilimia 80.
- Dakika ya 55: zimebaki dakika 40, mara 1.1, sawa na asilimia 44.
- Dakika ya 80: zimebaki dakika 15, mara 1.1, sawa na asilimia 16.5.

Onyo: watu wengi husahau dakika za majeruhi, wakahesabu kwamba dakika ya 80 zimebaki 10. Wanakuwa wametupa theluthi nzima ya muda uliobaki. Kadi yenyewe huongeza muda pia: mzozo, mwamuzi kuzongwa, VAR, mchezaji kutembea taratibu kuelekea nje. Ukiona mchezo umesimama dakika tatu, zirudishe kwenye hesabu.

Zidisha mabao tarajiwa kwa sehemu iliyobaki. Dakika ya 20, mwenyeji ana 1.6 × 0.80 = 1.28, na mgeni ana 0.80.

## Hatua ya 4: Jenga jedwali

Weka namba 0 hadi 8 kwenye A2 hadi A10. Mabao tarajiwa yaliyobaki ya mwenyeji yaingie F1, ya mgeni F2. Kisha:

```
B2: =POISSON.DIST(A2,$F$1,FALSE)
C2: =POISSON.DIST(A2,$F$2,FALSE)
D3: =SUM(C$2:C2)

F4: =SUMPRODUCT(B3:B10,D3:D10)
F5: =SUMPRODUCT(B2:B10,C2:C10)
F6: =1-F4-F5
```

Buruta B2 na C2 hadi mstari wa 10, na D3 hadi mstari wa 10. F4 ni nafasi ya mwenyeji kufunga mabao mengi zaidi katika muda uliobaki, F5 ni timu kufunga sawa, F6 ni mgeni kufunga zaidi. Kama simu yako imewekwa lugha inayotumia mkato kwa desimali, badilisha mikato ya ndani ya fomula iwe nukta-mkato.

Umefaulu kama ukiweka 1.6 na 1.0 unapata karibu 51, 25 na 24. Ukipata kitu tofauti kabisa, angalia D3 kwanza. Kosa la kawaida ni kuianza `SUM` bila alama ya dola, na ikiburutwa inahama na mwanzo wake.

## Hatua ya 5: Ingiza kadi

Sasa namba mbili za kukariri. Jan Vecer na wenzake, katika utafiti wa 2009 uliotumia odi za laivu, walipata kwamba kasi ya kufunga ya timu iliyopewa kadi hushuka hadi karibu theluthi mbili ya ilivyokuwa, na ya wapinzani hupanda hadi karibu mara moja na robo. Kwa hiyo:

- mabao tarajiwa yaliyobaki ya timu ya watu kumi: zidisha kwa 0.67, na kwenye jedwali andika 2/3 kamili
- mabao tarajiwa yaliyobaki ya timu ya watu kumi na moja: zidisha kwa 1.25

Angalia ni upande gani umeguswa zaidi. Wengi wanadhani kadi inafungua lango la timu pungufu, lakini kinachopungua zaidi ni makali yake mbele. Kocha hutoa mshambuliaji au kiungo wa mbele ili aingize beki, timu inarudi nyuma ya mpira, na wapinzani wanapata mpira mwingi mbele ya ukuta mzito.

Hilo ndilo linaloamua pia soko la mabao. Chukua dakika ya 20, 0-0. Kabla ya kadi jumla iliyobaki ni 2.08, na ova 2.5 ina nafasi ya asilimia 34.5. Mwenyeji, ambaye ndiye anayepewa nafasi kubwa, akipata kadi, anabaki na 0.85 na mgeni anapanda hadi 1.00. Jumla ni 1.85 na ova inashuka hadi asilimia 28. Kadi hiyohiyo akipewa mgeni, mwenyeji anapanda hadi 1.60, mgeni anabaki na 0.53, jumla 2.13, na ova inasogea hadi 36. Usiseme "kadi nyekundu inaleta mabao" bila kuuliza kwanza kadi ni ya nani.

## Hatua ya 6: Soma dakika, na usidanganywe na odi

Hapa ndipo pa kutulia. Ubao ni 0-0, mwenyeji amepata kadi. Nimepitisha hesabu kwa dakika tatu:

| Dakika | Nafasi ya mwenyeji kushinda | Odi safi | Sare | Mgeni |
|---|---|---|---|---|
| 20 | 47.7 → 30.0 | 2.09 → 3.34 | 29.0 → 32.2 | 23.3 → 37.9 |
| 55 | 37.2 → 24.3 | 2.69 → 4.12 | 42.5 → 46.0 | 20.3 → 29.7 |
| 80 | 20.1 → 13.4 | 4.98 → 7.48 | 68.0 → 70.7 | 11.9 → 15.9 |

Odi safi ni 1 gawanya kwa nafasi, bila faida ya kampuni.

Tazama safu ya odi peke yake. Dakika ya 80 odi imeruka pointi mbili na nusu, dakika ya 20 imepanda pointi moja na robo tu. Kwa macho, kadi ya dakika ya 80 inaonekana kubwa maradufu. Sasa tazama asilimia: dakika ya 20 mwenyeji amepoteza pointi 17.7, dakika ya 55 amepoteza 12.9, dakika ya 80 amepoteza 6.7 tu. Ukubwa umegeuka kabisa.

Sababu ni kwamba odi hupanuka jinsi nafasi inavyokuwa ndogo. Gawanya odi mpya kwa ya zamani uone: 3.34 kwa 2.09 ni 1.60, 4.12 kwa 2.69 ni 1.53, 7.48 kwa 4.98 ni 1.50. Ubao ukiwa 0-0, odi ya ushindi ya timu yenye nafasi kubwa ikipata kadi inazidishwa kwa karibu namba ileile dakika yoyote, kati ya mara 1.5 na 1.6 hivi. Hii si bahati. Mwishoni mwa mechi ya 0-0, kushinda maana yake ni kupata bao moja tu, na nafasi ya kupata hilo bao moja imebaki theluthi mbili. Odi, kwa hiyo, inapanda mara moja na nusu. Mapema kuna nyongeza kidogo kwa sababu mpinzani naye ana muda wa kutosha kutumia ile robo yake ya ziada.

Kwa matumizi ya haraka, bila jedwali: 0-0, na kadi ni ya timu yenye nafasi kubwa, chukua odi yake ya ushindi ilivyokuwa dakika moja kabla, izidishe kwa 1.5 kama ni lala salama, 1.6 kama ni kipindi cha kwanza. Kampuni ikitoa kitu kilicho mbali sana na hapo, kuna jambo jingine, na mara nyingi jambo hilo ni la hatua ya 8.

Kitu cha pili cha kusoma kwenye jedwali ni mgeni. Dakika ya 20 anageuka kuwa ndiye anayepewa nafasi kubwa, 37.9 dhidi ya 30.0. Dakika ya 55 bado anaongoza, lakini sare imeshampita kila mtu. Dakika ya 80 nafasi yake ni 15.9 tu: ana mtu mmoja zaidi uwanjani na hana muda wa kumtumia. Anayekimbilia kubeti "timu ya kumi na moja itashinda" dakika ya 80 kwenye 0-0 ananunua kitu ambacho, kwa hesabu hii, kitashindwa kutokea zaidi ya mara nane kati ya kumi.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ya 2006 pale Stade de France inaonyesha jinsi muda unavyofanya kazi. Jens Lehmann wa Arsenal alitolewa dakika ya 18 kwa kumwangusha Samuel Eto'o. Arsenal ndio waliotangulia kufunga, kwa kichwa cha Sol Campbell dakika ya 37. Barcelona walisawazisha dakika ya 76 kupitia Eto'o, na muda mfupi baadaye Juliano Belletti akafunga la ushindi. Mechi moja haithibitishi kanuni, lakini angalia umbali: kutoka kadi hadi bao la kusawazisha kulikuwa na karibu saa nzima ya mpira. Kadi kama hiyo ingetolewa dakika ya 70, Barcelona wasingekuwa na saa hiyo.

## Hatua ya 7: Rudisha matokeo ya ubaoni

Jedwali linahesabu mabao yajayo tu. Ubao ukiwa si 0-0, unahamisha mipaka. Mwenyeji akiwa anaongoza 1-0, anashinda akifunga zaidi au timu zikifunga sawa katika muda uliobaki. Kwa hiyo nafasi yake ya kushinda ni F4 jumlisha F5.

Kwa mechi yetu, mwenyeji akiongoza 1-0 na kupata kadi:

- dakika ya 20: kutoka 76.7 hadi 62.1, odi safi kutoka 1.30 hadi 1.61
- dakika ya 55: kutoka 79.7 hadi 70.3, odi kutoka 1.25 hadi 1.42
- dakika ya 80: kutoka 88.1 hadi 84.1, odi kutoka 1.14 hadi 1.19

Ile kanuni ya mara 1.5 imekufa hapa, na ni vizuri uione ikifa. Anayeongoza hahitaji kufunga tena, kwa hiyo theluthi aliyoipoteza mbele haimuumizi sana. Kinachomuumiza ni ile robo ya ziada ya mpinzani, na dakika ya 80 robo hiyo ni ndogo mno.

Kinyume chake, timu inayofungwa 0-1 ikipata kadi imeumia pale inapohitaji zaidi. Kwa hiyo kabla ya kusema kadi ni nzito au nyepesi, jiulize timu hiyo inahitaji nini kutoka muda uliobaki: bao, au kutofungwa?

Onyo: kwenye 1-0 namba zetu mbili zinalegea. Timu inayoongoza ilikuwa imeanza kurudi nyuma hata kabla ya kadi, na inayofungwa ilikuwa imeshaanza kupanda. Ndiyo maana msingi mzuri zaidi wa hesabu ni odi za laivu za dakika moja kabla ya kadi, ukizipata. Ndani yake tayari kuna ubao, majeruhi na jinsi mchezo unavyokwenda. Za kabla ya mechi ni za akiba.

## Hatua ya 8: Tenganisha kadi na penalti

Hili ndilo linalowapotosha wengi kuliko yote. Kadi nyingine hutoka pamoja na penalti: beki amedaka mpira kwenye mstari wa goli, au kipa amemvuta mshambuliaji. Odi inaruka sana, na mtu anaandika kichwani kwamba "kadi ya dakika ya 55 inasogeza hivi". Hapana, iliyosogeza ni penalti.

Penalti huingia karibu mara tatu kati ya nne, kwa hiyo tumia 0.75. Dakika ya 55, 0-0, mgeni amepewa penalti na mwenyeji amepewa kadi:

1. Penalti ikiingia, ubao ni 0-1. Mgeni anashinda akifunga zaidi au sawa: 29.7 + 46.0 = 75.7.
2. Ikikoswa, tunarudi kwenye 29.7.
3. Changanya: 0.75 × 75.7 + 0.25 × 29.7 = karibu asilimia 64.

Sasa fanya penalti bila kadi, kwa namba za kabla ya kadi: 0.75 × 62.8 + 0.25 × 20.3 = karibu asilimia 52.

Kwa hiyo mgeni ametoka 20 hadi 64. Penalti peke yake imempeleka 52, kadi imeongeza 12 zilizobaki. Odi yake imeshuka kutoka karibu 4.90 hadi karibu 1.55, na sehemu kubwa ya safari hiyo itajibiwa na mkwaju mmoja ndani ya dakika moja. Ukibeti wakati huo, umebeti penalti.

Kumbuka pia sheria: beki akimwangusha mtu ndani ya boksi huku anajaribu kweli kucheza mpira, kumnyima nafasi ya wazi ya kufunga huleta penalti na kadi ya njano. Kuvuta, kusukuma au kudaka mpira kwa makusudi bado ni nyekundu. Usihesabu nyekundu kabla mwamuzi hajaionyesha.

## Hatua ya 9: Weka wigo kabla ya kulinganisha na soko

0.67 na 1.25 ni wastani wa kadi nyingi. Kadi yako ni moja. Fanya hesabu mara mbili zaidi, moja laini (0.75 na 1.15) na moja kali (0.60 na 1.35). Kwa dakika ya 55, 0-0, nafasi ya mgeni inatoka asilimia 26 kwenye laini hadi karibu 33 kwenye kali. Odi safi ni 3.79 hadi 3.05. Huo ndio wigo wako.

Sogea upande wa kali pale beki wa kati au kipa anapotolewa na nafasi za kubadilisha wachezaji zimekwisha, au pale timu pungufu inalazimika kutafuta bao. Sogea upande wa laini pale aliyetolewa ni mshambuliaji wa timu iliyokuwa tayari inajilinda kwa watu tisa nyuma ya mpira. Timu kama hiyo haibadiliki sana. Kipa akitolewa hesabu hasara mbili: golini anaingia wa akiba, na uwanjani anatoka mchezaji mwingine. Kwenye ile fainali ya 2006, Manuel Almunia aliingia na aliyetoka ni Robert Pires, mmoja wa wabunifu wa mbele.

Sasa linganisha. Odi ya kampuni ikiangukia ndani ya wigo, huna lolote la kuiambia kampuni ambalo haijui, na bado faida yake imekatwa humo. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Kampuni zina hesabu hii tayari, na soko hufungwa mara kadi inapotoka, kisha hufunguliwa na bei mpya. Ukiona bei ya zamani bado iko kwenye skrini yako baada ya kadi, jua picha imeganda au mkeka utakataliwa ndani ya zile sekunde za kusubiri.

Kadi ya moja kwa moja inaweza kupitiwa na VAR. Mwamuzi akienda kwenye skrini ya pembeni, bei yoyote iliyo wazi imechanganya uwezekano wa kadi kufutwa. Subiri mpira urudishwe mchezoni.

Na mpinzani naye akipata kadi baadaye, zidisha pande zote: 2/3 × 1.25 ni karibu 0.83 kwa kila timu. Kwa mujibu wa namba hizi, kumi kwa kumi haifungui mechi, inaipunguza mabao kidogo. Wengi wanatarajia kinyume. Ila kumi kwa kumi hutokea mara chache zaidi, kwa hiyo panua wigo wako.

## Hatua ya 10: Kwenye mtoano, hesabu saa sahihi

Soko la matokeo matatu hufungwa dakika 90 na za majeruhi zikiisha. Soko la nani atafuzu linaendelea hadi dakika 30 za nyongeza na matuta. Kadi moja ina uzito mbili tofauti kwenye masoko hayo mawili, na hapa ndipo dakika inapogeuka.

Mechi yetu iwe ya mtoano, mkondo mmoja, 0-0, mwenyeji apate kadi dakika ya 85. Kwa soko la dakika 90 zimebaki dakika 10 pamoja na za majeruhi, mara 1.1, sawa na asilimia 11. Nafasi yake ya kushinda ndani ya muda huo inashuka kutoka 14.6 hadi karibu 9.7, pointi tano tu.

Kwa soko la kufuzu, ongeza dakika 30 za nyongeza, ambazo ni karibu theluthi ya mechi, asilimia 33. Jumla ni 44. Ndiyo asilimia ileile ya dakika ya 55 kwenye mechi ya ligi. Chukua namba za dakika ya 55, gawa sare nusu kwa nusu kwa ajili ya matuta: kabla ya kadi 37.2 + 21.3 = 58.5, baada ya kadi 24.3 + 23.0 = 47.3. Mwenyeji ameanguka pointi 11 na amepoteza uongozi wa kufuzu, wakati kwenye soko la dakika 90 bei ya sare haijasogea sana. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu bao la kabla ya dakika ya 90 likiamua mechi, nyongeza haichezwi. Kwa timu pungufu itakayokimbia dakika 40 zaidi, chukua upande wa kali wa wigo.